Je, Wajua? Namba ya Heshi, Muhuri wa Muda na Gumzo la WhatsApp Lililofika Barazani

Mtu akileta gumzo la WhatsApp kama ushahidi, swali la kwanza atakaloulizwa ni hili: tutajuaje kuwa hukulichezea? Safu ya leo inajibu swali hilo kwa mfano mmoja wa kubuni. Kikundi cha kuweka na kukopa cha Dar es Salaam kina wanachama 30 na kundi la WhatsApp. Usiku wa 14 Machi 2025 mweka hazina anaandika kundini kwamba amepokea shilingi 4,500,000. Katibu anatoa nakala ya gumzo usiku uleule. Mwezi Oktoba mweka hazina anadai aliandika 2,500,000, na kwamba katibu ndiye aliyegeuza tarakimu.

Je, wajua kwamba nakala ya gumzo la WhatsApp ni maandishi matupu, yasiyo na ulinzi wowote?

Ukitoa gumzo kwenye iPhone unapata faili la zipu, na ndani yake mna faili la maandishi liitwalo `_chat.txt`, pamoja na picha na sauti kama umechagua kuziambatanisha. Simu za Android nazo hutoa faili la `.txt`. Mstari wenye ugomvi kwenye nakala ya katibu unasomeka hivi:

```
[14/03/2025, 20:17:42] Mweka Hazina: Nimepokea 4,500,000
```

Mtu yeyote mwenye programu ya kuandikia anaweza kulifungua faili hilo, kufuta 4, kuandika 2 na kuhifadhi. Faili halitabaki na kovu lolote. Ule usimbaji ambao WhatsApp huutaja juu ya kila gumzo hulinda meseji zikiwa njiani kutoka simu hadi simu, lakini nakala iliyokwisha kutolewa iko nje ya ulinzi huo. Kwa hiyo mweka hazina hajauliza swali la kipuuzi, na katibu anawajibika kulijibu.

Je, wajua kwamba faili lolote, liwe kubwa au dogo, linaweza kuwakilishwa na herufi 64 tu?

Herufi hizo ndizo namba ya heshi. Kompyuta hulisoma faili baiti kwa baiti, tangu ya kwanza hadi ya mwisho, na kulipitisha kwenye hesabu iitwayo SHA-256. Mwishoni hutoka mfuatano wa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f, na urefu wake ni 64 siku zote. Faili la mstari mmoja hutoa 64, na video ya saa mbili hutoa 64.

Faili lilelile hutoa namba ileile kwenye kompyuta yoyote duniani, leo au miaka kumi ijayo. Namba zinazowezekana ni nyingi mno, kiasi kwamba idadi yake ikiandikwa inachukua tarakimu 78. Hadi sasa hakuna aliyeonyesha mafaili mawili tofauti yenye namba moja ya SHA-256.

Je, wajua kwamba badiliko usiloweza hata kuliona hugeuza namba nzima?

Jaribu mwenyewe kwenye kompyuta ya Linux. Amri ya kwanza inapima neno `hello` peke yake. Ya pili inapima neno hilohilo likifuatwa na alama ya kuanza mstari mpya, ambayo jicho haliioni:

```
printf 'hello' | sha256sum
2cf24dba5fb0a30e26e83b2ac5b9e29e1b161e5c1fa7425e73043362938b9824

printf 'hello\n' | sha256sum
5891b5b522d5df086d0ff0b110fbd9d21bb4fc6163af34d08286a2e846f6be03
```

Angalia namba hizo mbili: hazifanani mwanzo, kati wala mwisho. Hesabu hii imeundwa makusudi hivyo, ili badiliko dogo lisijifiche nyuma ya namba inayokaribia kufanana na ya awali. Katibu akigeuza 4 kuwa 2 katika gumzo la mistari elfu tisa, namba ya faili zima inakuwa nyingine kabisa.

Kumbuka pia kwamba namba ya heshi haikwambii ni mstari upi uliobadilika, wala ni kwa kiasi gani. Hujibu jambo moja tu: faili hili ni lile, au si lile.

Je, wajua kwamba huhitaji kununua programu yoyote ili kuipata namba hiyo?

Kompyuta nyingi zinakuja nayo. Tuseme katibu amelipa faili lake jina fupi, `gumzo.zip`. Amri ya kwanza hapa chini ni ya Linux, ya pili ya Mac, na mbili za mwisho ni za Windows, moja ya dirisha la amri la kawaida na nyingine ya PowerShell:

```
sha256sum gumzo.zip
shasum -a 256 gumzo.zip
certutil -hashfile gumzo.zip SHA256
Get-FileHash gumzo.zip
```

PowerShell huandika herufi kubwa, A hadi F, ilhali nyingine huandika ndogo. Hiyo si tofauti ya namba. Watu wameshtuka bure wakidhani faili limechezewa, kumbe ni herufi kubwa na ndogo tu.

Je, wajua kwamba mpangilio wa hatua una uzito kuliko amri yenyewe?

Katibu wetu alifanya hivi. Saa 3:40 usiku alitoa gumzo kwenye simu na kuhifadhi zipu bila kuifungua. Aliihamishia kwenye kompyuta kwa waya, kisha kabla ya jambo lingine lolote akaipima heshi. Baada ya hapo alitengeneza nakala ya pili, akaifungua hiyo, na kupima pia `_chat.txt` na kila picha iliyokuwamo. Zipu ya awali akaiacha kama ilivyo.

Kupima cha ndani na cha nje kuna sababu. Mtu akiifungua zipu na kuifunga upya, zipu mpya itakuwa na heshi nyingine hata kama maandishi ya ndani hayakuguswa, kwa kuwa zipu hubeba pia saa za mafaili yaliyomo na namna yalivyobanwa. Ikitokea hivyo, heshi ya `_chat.txt` ndiyo itakayoonyesha kwamba maneno yenyewe ni yaleyale.

Ungefungua kwanza na kupima baadaye, ungekuwa umeacha pengo ambalo mpinzani wako ana haki ya kuliulizia: ulifanya nini katikati?

Je, wajua kwamba kubadili jina la faili hakubadilishi heshi, ila kulihifadhi upya kunaweza kuibadilisha?

Heshi hupimwa kwenye yaliyomo ndani. Jina la faili na tarehe yake hukaa nje ya hesabu. Ndiyo maana katibu aliweza kuliita faili `gumzo.zip` bila hofu. Kulifungua na kulisoma tu nako hakudhuru.

Madhara huja kwa njia ambazo watu hawazitilii shaka. Ukilifungua `_chat.txt` kwenye programu ya kuandikia barua na kubonyeza kuhifadhi, programu inaweza kugeuza alama za mwisho wa mistari au kuongeza baiti chache mwanzoni. Ukinakili maneno na kuyabandika kwenye hati mpya, unaweza kupoteza alama zisizoonekana ambazo WhatsApp huziweka kwenye baadhi ya mistari kuonyesha maandishi yanakwenda upande gani. Picha ukiituma WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa, na inayofika upande wa pili si faili lilelile. Ukiituma kama hati, hufika ilivyo.

Kwa hiyo heshi zisipolingana, usikimbilie kusema mtu ameghushi. Tazama kwanza ukubwa wa faili kwa baiti, kisha linganisha mafaili mawili mstari kwa mstari kwa programu ya kulinganisha. Ikiwa kila mstari umeongezeka baiti moja, hiyo ni kazi ya programu. Ikiwa mistari yote ni sawa isipokuwa mmoja, na mmoja huo ndio wenye kiasi cha fedha, hapo pana jambo la kuulizwa.

Je, wajua kwamba gumzo lilelile likitolewa mara mbili linaweza kuwa na heshi mbili tofauti bila udanganyifu wowote?

Mweka hazina akisema, "Basi tutoe gumzo upya leo tulinganishe heshi," asikubaliwe haraka. Tangu Machi kundi limepokea meseji nyingine. Wapo waliofuta meseji zao. Katibu mwenyewe huenda amebadili jina la mtu kwenye simu yake, na nakala huandika majina yalivyo kwenye simu inayoitoa. Lolote kati ya hayo hugeuza heshi.

Tuseme tena mwanachama mmoja anaishi Muscat. Yeye akitoa gumzo hilohilo, mstari wa mweka hazina utasomeka 21:17 badala ya 20:17. Simu huhifadhi wakati wa meseji kwa hesabu moja ya dunia nzima, kisha huuonyesha kwa saa za mahali simu ilipo, na Oman iko saa moja mbele ya Afrika Mashariki. Simu yake ikipangwa kuandika mwezi kabla ya siku, hata tarehe zitaonekana ngeni. Nakala yake haitakuwa na mstari hata mmoja unaolingana herufi kwa herufi na wa katibu, na bado zote mbili ni za kweli.

Nakala mbili zilizotolewa kwenye simu mbili hulinganishwa kwa maneno na mpangilio wa meseji, huku tofauti ya saa ikiwa imehesabiwa. Heshi hulinganishwa kati ya faili na faili lilelile lilipokuwa jana.

Je, wajua kwamba namba ya heshi iliyohifadhiwa pamoja na faili peke yake haithibitishi kitu?

Hapa ndipo wengi huanguka. Wanapima heshi, wanaiandika kwenye faili dogo, na kuviweka vyote viwili kwenye flashi moja mfukoni. Lakini mwenye uwezo wa kubadili gumzo ana uwezo wa kupima heshi mpya na kufuta ya zamani. Vitalingana vizuri kabisa, na vyote vitakuwa vya uongo.

Nguvu ya heshi huanza pale inapotoka mikononi mwako na kufika mahali usipoweza kuirudia. Unaweza kuiandika kwenye karatasi ikasainiwa na mashahidi wawili, kumtumia wakili, au kumkabidhi mpinzani mwenyewe. Huna haja ya kuogopa kuitoa, kwa kuwa hesabu yake haina njia ya kurudi nyuma: kutoka kwenye herufi 64 hakuna anayeweza kuusoma mstari hata mmoja wa gumzo.

Katibu alifanya jambo jepesi lenye nguvu. Saa 3:50 usiku alibandika herufi zote 64 ndani ya kundi la kikundi, na ujumbe mfupi: "Hii ni heshi ya nakala ya gumzo niliyoitoa usiku huu." Kuanzia dakika hiyo namba ilikuwa kwenye simu za wanachama, ya mweka hazina ikiwamo. Hata katibu angetaka kuibadili baadaye, asingeweza kuingia kwenye simu za watu wote.

Je, wajua kwamba tarehe inayoonyeshwa na kompyuta chini ya jina la faili inaweza kupangwa na mtu yeyote?

Amri hii moja, kwenye Linux, hulifanya faili lionekane limebadilishwa mara ya mwisho tarehe uitakayo:

```
touch -d '2025-03-14 21:40' gumzo.zip
```

Hata pasipo nia mbaya, tarehe hizo hupotosha. Windows, ukinakili faili kwenda folda nyingine, huipa nakala tarehe mpya ya kuundwa lakini huacha ile ya kubadilishwa kama ilivyokuwa. Matokeo yake ni faili "lililobadilishwa" Machi na "kuundwa" Oktoba, jambo linaloonekana kama miujiza kwa asiyelijua. Flashi za mfumo wa zamani wa FAT hazihifadhi hata sekunde kamili: muda wa kubadilishwa hukadiriwa kwa sekunde mbilimbili, tena kwa saa za mahali, bila kusema ni mahali gani.

Tarehe za faili zichukuliwe kama dalili za kufuatilia. Atakayezileta peke yake kama uthibitisho atazimwa kwa amri ya mstari mmoja.

Je, wajua kwamba kuna huduma zinazogonga muhuri wa muda kwenye faili lako bila kuliona?

Utaratibu wake uliandikwa Agosti 2001 na unajulikana kwa jina RFC 3161. Unatuma heshi peke yake kwa mtoa muhuri. Yeye huiunganisha na saa ya seva yake, hutia saini ya kidijitali juu ya vyote viwili, na kukurudishia faili dogo. Gumzo lenyewe halijaondoka kwenye kompyuta yako. Katibu alitumia programu ya OpenSSL na huduma ya FreeTSA:

```
openssl ts -query -data gumzo.zip -sha256 -cert -out gumzo.tsq
curl -H "Content-Type: application/timestamp-query" \
  --data-binary @gumzo.tsq https://freetsa.org/tsr > gumzo.tsr
openssl ts -reply -in gumzo.tsr -text
```

Amri ya kwanza inaandaa ombi, ya pili inalituma na kupokea muhuri, ya tatu inausoma. Katikati ya maandishi yanayotokea, mstari unaotafutwa ni huu:

```
Time stamp: Mar 14 18:52:07 2025 GMT
```

Hiyo ni GMT. Ongeza saa tatu upate 21:52 ya Afrika Mashariki, yaani saa 3:52 usiku kwa kuhesabu kwetu. Mkanganyiko huu umeharibu maelezo mengi ya mdomo: shahidi anasema saa tatu, karatasi inasema 21, muhuri unasema 18, na msikilizaji anadhani ni nyakati tatu. Kwenye maandishi tumia mtindo wa saa 24 na utaje ni saa za wapi. Ukisimama kueleza, fafanua mara moja kwamba zote tatu ni dakika ileile.

Hifadhi pia vyeti vya mtoa muhuri ulivyopakua siku hiyo. Bila vyeti hivyo, atakayekagua saini baada ya miaka kadhaa atapata taabu.

Je, wajua kwamba MD5 na SHA-1 bado zinatumika, ingawa zimeshavunjwa?

MD5 ilichapishwa mwaka 1992 na hutoa herufi 32. Mwaka 2004 mtaalamu wa hesabu wa China, Xiaoyun Wang, na wenzake walionyesha mafaili mawili tofauti yenye MD5 moja. SHA-1, yenye herufi 40, ilifuata Februari 2017, pale watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na Google walipotoa hati mbili za PDF zenye maudhui tofauti na heshi moja.

Tuseme ukweli wote: mbinu hizo humtaka mdanganyifu ayaandae mafaili yote mawili tangu mwanzo. Kulichukua gumzo lililokwisha kupimwa MD5 na kulitengenezea pacha ni kazi nyingine, ngumu zaidi, na haijawahi kufanikiwa kivitendo. Lakini hakuna sababu ya kubeba mjadala huo hadi barazani. Ukiona heshi ya herufi 32 au 40 kwenye ripoti, omba ya 64 iwekwe pembeni yake.

Je, wajua kwamba uhakiki wenyewe huchukua chini ya dakika moja?

Turudi Oktoba, mbele ya kamati ya usuluhishi. Katibu analeta flashi yenye zipu ya awali. Mjumbe asiyeegemea upande wowote anaipima kwenye kompyuta yake mwenyewe na kuilinganisha na namba iliyobandikwa kundini Machi, akiisoma kwenye simu ya mweka hazina. Herufi 64 zinalingana zote. Kisha anakagua muhuri:

```
openssl ts -verify -data gumzo.zip -in gumzo.tsr \
  -CAfile cacert.pem -untrusted tsa.crt
```

Jibu linakuja `Verification: OK`. Maana yake ni hii: faili lililoko mezani ndilo hasa lililokuwapo saa 3:52 usiku wa 14 Machi. Dai kwamba katibu aligeuza tarakimu mwezi Juni, au Septemba, limekwisha.

Zingatia kwamba vilivyotoa uthibitisho ni simu ya mlalamikaji, kompyuta ya mjumbe na saini ya mtoa muhuri. Katibu hakuombwa aaminiwe kwa neno lake.

Je, wajua kwamba heshi haisemi lolote kuhusu yaliyotokea kabla haijapimwa?

Lakiri ya sanduku la kura huonyesha kuwa sanduku halikufunguliwa tangu lilipofungwa. Haisemi kama kura zilizomo zilipigwa kwa haki. Heshi na muhuri vina mpaka uleule. Meseji ya mweka hazina ilifika saa 2:17 usiku, na muhuri uligongwa saa 3:52. Katikati mna dakika 95, na kwa dakika hizo vifaa hivi havina ushahidi wa kutoa.

Zaidi ya hapo, mwenye simu anaweza kujifutia meseji upande wake kabla ya kutoa gumzo, na nakala isionyeshe kuwa pana kitu kilichokosekana. Nakala inaweza kuwa pungufu na heshi yake ikawa sahihi kabisa. Wala heshi haisemi aliyeshika simu ya mweka hazina usiku ule alikuwa nani, au kama fedha zilipokelewa kweli.

Mashimo hayo huzibwa na ushahidi mwingine. Simu iliyotoa gumzo itunzwe, isiuzwe wala kurudishwa kwenye hali ya kiwandani, maana hifadhidata ya WhatsApp iliyomo inaweza kukaguliwa na mtaalamu. Wanachama wawili au watatu wengine watoe nakala zao, kila mmoja kwenye simu yake, nazo zipimwe. Mstari wa 4,500,000 ukikutwa kwenye simu nne za watu wasiokaa nyumba moja, zile dakika 95 hazina tena mahali pa kuficha kitu. Taarifa ya benki au ya mtandao wa simu itajibu suala la fedha.

Je, wajua kwamba sheria inataka hasa kujua namna faili lilivyotunzwa?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya Tanzania ya mwaka 2015, kifungu cha 18, haiukatai ushahidi kwa sababu tu ni wa kielektroniki. Katika kuupa uzito, mahakama hutazama kama njia ya kuutengeneza, kuuhifadhi na kuusafirisha inaaminika, jinsi ukamilifu wake ulivyolindwa, na jinsi aliyeuandika alivyotambuliwa. Heshi na muhuri hujibu jambo la pili kati ya hayo. Nchini Kenya, kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi hutaka cheti kinachoeleza jinsi nakala ya kielektroniki ilivyotolewa na kifaa kilichotumika. Marekani, tangu Desemba 2017, kanuni ya 902(14) inaruhusu nakala ya data kuthibitishwa kwa cheti cha mtaalamu, na maelezo ya walioiandika yanataja heshi kwa jina.

Karatasi ya katibu ndiyo inayounganisha vyote. Aliandika aina ya simu na toleo la WhatsApp, saa aliyotoa gumzo na saa aliyopima, zote kwa mtindo wa saa 24 na kutaja ni za Afrika Mashariki. Aliandika jina la faili, ukubwa wake kwa baiti, heshi ya zipu na ya kila faili la ndani, amri aliyotumia, na flashi zilizobeba nakala. Kila flashi ilipobadili mikono, aliyetoa na aliyepokea walisaini.

Je, wajua kwamba baada ya kazi hiyo yote katibu ana sentensi moja tu anayoweza kuisema kwa uhakika?

Nayo ni hii: "Faili hili halijabadilika tangu saa 3:52 usiku wa tarehe 14 Machi 2025." Akiongeza kwamba heshi inathibitisha mweka hazina alipokea fedha, amevuka mpaka, na wakili mzuri atamrudisha mbele ya wote. Akiishia hapo, kisha akazileta simu, nakala za wenzake na taarifa ya benki zieleze yaliyotangulia, mpinzani atabaki na kazi ya kujibu ushahidi wenyewe badala ya kulishambulia faili.

Aliye na gumzo analotegemea aanze leo kuipima heshi yake na kuituma kwa mtu mwingine. Muhuri wa leo hauwezi kulisemea faili la jana.